Kuchangisha Fedha za Kitabu cha Michoro kwa Njia ya Zawadi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya msanii au mwandishi anayetaka kukusanya fedha kutoka kwa watu wengi ili akamilishe kazi moja mahususi, kisha awatumie waliochangia kitu walichoahidiwa. Mfano utakaotumika kuanzia mwanzo hadi mwisho ni kitabu cha hadithi chenye michoro, kwa kuwa kina gharama za kazi ya mikono, gharama za kiwanda na gharama za posta kwa pamoja, na hizo tatu ndizo zinazowakwamisha wengi. Kwa kuwa sarafu na bei hutofautiana, hesabu zote zimewekwa kwa vizio. Msomaji ataweka fedha zake mwenyewe mahali pa vizio hivyo, na mpango wa hesabu utabaki uleule.

Kuna tofauti gani kati ya kuomba mchango wa hiari, kutoa zawadi na kuwa na wanachama wanaolipa kila mwezi?

Katika mchango wa hiari, mtu anatoa fedha bila kutarajia kitu chochote isipokuwa kuona kazi inafanyika. Katika uchangishaji wa zawadi, mtu anachagua ngazi fulani ya mchango na kuahidiwa nakala, bango, faili au kitu kingine kinacholingana na kiasi alichotoa. Katika uanachama, kama ule ulioenezwa na jukwaa la Patreon tangu mwaka 2013, mtu analipa kidogo kidogo kila mwezi ili msanii aendelee kufanya kazi kwa jumla.

Kitabu kimoja chenye mwanzo na mwisho kinafaa zaidi njia ya pili, kwa sababu gharama zake hujulikana mapema na mchangiaji anajua lini ataacha kusubiri. Uanachama unamfaa mtu anayetoa kazi ndogo ndogo mfululizo. Mchango wa hiari nao unafaa pale ambapo hakuna kitu cha kutuma, kwa mfano maonyesho ya mtaani ambayo kila mtu ataingia bure.

Njia hii ya kuwafikia wengi wenye kidogo ilikuwepo kabla ya mtandao. Mwaka 1885 mchapishaji wa magazeti Joseph Pulitzer aliwaomba wasomaji wa gazeti lake la New York World wachangie ujenzi wa kitako cha Sanamu ya Uhuru, akaahidi kuchapa gazetini jina la kila mtoaji bila kujali ukubwa wa mchango. Zilipatikana zaidi ya dola 100,000, na wengi wa waliotoa walitoa chini ya dola 1. Jambo la kuzingatia katika tukio hilo ni kwamba zawadi ilikuwa jina lililochapwa, na jina halihitaji bahasha wala stempu. Tutalirudia wazo hilo tutakapofika kwenye zawadi.

Lengo la fedha lipangwe vipi?

Lengo hupangwa kwa kuanza na kile kinachobaki mkononi baada ya kumhudumia mchangiaji mmoja. Watu wengi huanza na bei ya mchapaji, wakaongeza malipo ya mchoraji, wakaandika jumla hiyo kuwa lengo. Hapo wanasahau kwamba kila mchangiaji mpya analeta fedha na gharama kwa wakati mmoja.

Tuchukue kitabu chetu. Mchoraji analipwa vizio 1,500 kwa michoro 40. Mhariri na msanifu kurasa wanalipwa vizio 500 kwa pamoja. Mchapaji anatoa nakala 400 kwa vizio 1,600. Jumla ya gharama hizi ni vizio 3,600, nazo hazibadiliki, awe amechangia mtu mmoja au wamechangia 300. Juu yake tunaweka akiba ya asilimia 10, yaani vizio 360, kwa ajili ya nakala zitakazoharibika, vifurushi vitakavyopotea na bei ya posta itakayopanda kabla ya siku ya kutuma. Sasa tunahitaji vizio 3,960 vilivyo safi.

Hatua ya pili ni kumtazama mchangiaji mmoja. Anatoa vizio 25 ili apate kitabu nyumbani kwake. Jukwaa, yaani tovuti inayoendesha kampeni, na kampuni ya malipo vinakata ada. Kwenye Kickstarter, kwa mfano, jukwaa hukata asilimia 5 na ada za malipo huja juu yake, hivyo ni busara kuhesabu asilimia 10 kwa jumla. Hapo vinaondoka vizio 2.5. Kifungashio na posta vinachukua vizio 6. Kinachobaki ni vizio 16.5.

Hatua ya tatu ni kugawanya. Vizio 3,960 ukigawa kwa 16.5 unapata wachangiaji 240. Na watu 240 wakitoa vizio 25 kila mmoja, jumla ni vizio 6,000. Hilo ndilo lengo la kweli, nalo limezidi kwa mbali zile 3,600 ambazo mtu angeandika kwa haraka.

Katika hesabu hiyo kuna nakala 160 zitakazobaki baada ya wachangiaji 240 kupata zao. Ninashauri kwa mkazo kwamba mauzo ya nakala hizo yasiingizwe katika lengo hata kidogo. Fedha za kumlipa mchapaji zinadaiwa kabla ya kitabu kutoka, na nakala iliyoko stoo haiwezi kumlipa mtu yeyote wakati huo.

Je, si vyema kuweka lengo dogo ili lifikiwe haraka na kuwavutia wengine?

Lengo dogo huvutia kweli, na hatari yake ipo hapo hapo. Tuseme mwenye kitabu aliandika vizio 3,600, na siku ya mwisho akafikisha kiasi hicho barabara kutoka kwa watu 144. Ada zinakata 360, kwa hiyo zinabaki 3,240. Kifungashio na posta kwa watu 144 ni vizio 864, zinabaki 2,376. Gharama zisizobadilika bado ni 3,600. Amefanikiwa mbele ya umma, lakini ana upungufu wa vizio 1,224 na watu 144 wanaosubiri vitabu ambavyo hana uwezo wa kuvichapa.

Mradi usiofikia lengo humwacha mwenyewe na huzuni, na wachangiaji hawapotezi kitu. Mradi uliofikia lengo lisilotosha humwacha na deni. Mtu akiwa na fedha zake binafsi za kujazia upungufu anaweza kushusha lengo, ila azitenge kabla ya kampeni kuanza na awaeleze wachangiaji kwamba sehemu ya gharama imeshagharamiwa.

Nichague utaratibu wa "yote au hapana" au wa kuchukua chochote kitakachopatikana?

Katika utaratibu wa yote au hapana, ambao Kickstarter imeutumia tangu ilipoanza mwaka 2009, mchangiaji anatoa ahadi na kadi yake haitozwi mpaka lengo lifikiwe ndani ya muda uliowekwa. Lisipofikiwa, hakuna anayetozwa. Utaratibu wa pili unamruhusu msanii kuchukua kilichopatikana hata kama ni robo ya lengo.

Kwa kitabu cha kuchapwa, ninaona utaratibu wa kwanza ndio salama, kwa sababu robo ya gharama haichapi robo ya kitabu. Utaratibu wa pili unafaa kazi inayoweza kupunguzwa bila kuharibika. Mwanamuziki aliyekusudia kurekodi nyimbo 8 anaweza kurekodi 3 kwa fedha alizopata, mradi ameandika hivyo mapema ili wachangiaji wajue watapata nini katika kila hali.

Kabla ya kuchagua, hakikisha jukwaa linapokea wasanii wanaoishi katika nchi yako na linaweza kutuma fedha kwenye benki yako. Majukwaa makubwa yanaruhusu mtu kuchangia kutoka karibu kila mahali, lakini orodha ya nchi ambazo mtu anaweza kuanzishia mradi ni fupi zaidi.

Nitajuaje kama ninaweza kuwapata watu 240?

Swali hili lijibiwe kabla ya kutangaza chochote, na jibu lake hupatikana kwa kuandika orodha. Upande mmoja waandike watu wanaokufahamu ambao umewauliza ana kwa ana na wakasema watachangia. Wahesabu nusu yao. Upande wa pili weka idadi ya waliojiandikisha kupokea habari zako kwa barua pepe au kwa simu, na umkadirie mmoja kati ya kila 20. Kipimo hicho ni cha tahadhari, na nimekiweka chini kwa makusudi. Wanaokufuata tu katika mitandao ya kijamii usiwahesabu kabisa, kwa kuwa wengi wao hata tangazo lenyewe hawataliona.

Tuseme una watu 60 waliokuahidi na 800 katika orodha ya barua pepe. Unapata 30 na 40, jumla 70. Wengine 170 watalazimika kutoka kwa watu wasiokujua, na hilo ni tumaini kubwa mno kujengea mradi.

Hapo yapo mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni kuahirisha kampeni kwa miezi kadhaa na kukuza orodha kwa kuonyesha kazi yenyewe ikiendelea. La pili ni kupunguza mradi, na hapa ni muhimu kujua upunguze wapi. Ukishusha uchapaji kutoka nakala 400 hadi 250, bei ya kila nakala hupanda, tuseme kutoka vizio 4 hadi 5, na jumla inakuwa 1,250. Pamoja na akiba unahitaji vizio 3,575, yaani wachangiaji 217. Umeokoa watu 23 tu. Lakini ukipunguza pia michoro kutoka 40 hadi 24, kwa malipo yaleyale kwa kila mchoro, mchoraji analipwa 900, na idadi ya wachangiaji inashuka hadi 177 na lengo hadi vizio 4,425. Punguza wingi wa kazi, usimpunje anayeifanya. Mchoraji aliyepunjwa hutanguliza kazi za wengine wanaolipa vizuri, na kitabu chako ndicho kinachochelewa.

Zawadi zipi zinafaa, na zipi zinakula fedha?

Zawadi bora ni ile inayotokana na kazi yenyewe. Kitabu ni zawadi. Faili la kitabu ni zawadi. Jina la mchangiaji katika ukurasa wa shukrani ni zawadi, nalo linagharimu mstari mmoja wa wino. Mchoro halisi uliotumika kitabuni ni zawadi ambayo haipatikani mahali pengine, na kwa kuwa upo mmoja unaweza kuwekwa katika ngazi ya juu yenye idadi ndogo ya nafasi, baada ya kukubaliana na mchoraji kwa maandishi kuhusu haki yake na sehemu yake ya malipo.

Kinyume chake ni vitu vinavyoongezwa ili ukurasa uonekane umejaa. Mfano unaofahamika ni fulana. Tuseme ngazi ya vizio 35 inatoa kitabu na fulana. Ada zinachukua 3.5. Fulana yenyewe ni 6. Kifurushi sasa ni kizito zaidi, kwa hiyo kifungashio na posta vinapanda kutoka 6 hadi 9. Kinachobaki ni vizio 16.5, kiasi kilekile kilichobaki kwa mtu aliyetoa 25 na kuchukua kitabu peke yake. Mchangiaji ametoa vizio 10 zaidi na kitabu hakikupata hata kimoja. Lengo limeonekana kusogea, lakini fedha za kazi hazikuongezeka, na wewe sasa unapaswa kukusanya saizi za watu, kuagiza za ziada kwa ajili ya wale watakaobadilisha mawazo, na kubaki na zile zisizomtosha mtu.

Linganisha na faili la kitabu kwa vizio 8. Baada ya ada kinabaki karibu vizio 7, na hakuna posta. Wachangiaji watatu wa faili wanabeba zaidi ya mchangiaji mmoja wa kitabu, wala hawakuongezei kazi ya kufunga. Angalia tu kwamba kampuni nyingi za malipo hukata pia kiasi kidogo kisichobadilika kwa kila muamala, hivyo mchango mdogo sana hupoteza sehemu kubwa zaidi. Ngazi ya kizio 1 inaweza kuliwa kiasi cha kukatisha tamaa.

Ngazi nne zinatosha: shukrani kwa jina, faili, kitabu, na kitabu pamoja na mchoro halisi. Ngazi zikifika kumi, mgeni anasoma, anasita, anaahirisha, na wewe mwenyewe unajikuta na mchanganyiko wa vifurushi usioweza kuufunga bila makosa.

Vipi kuhusu "malengo ya nyongeza" baada ya lengo la kwanza kufikiwa?

Haya ni mambo unayoahidi kuyaongeza fedha zikizidi lengo. Yakubali yale yanayoboresha kitu kilekile kwa wote, kama karatasi nzuri zaidi, na ambayo bei yake umeshaipata kwa mchapaji. Yakatae yale yanayoongeza kitu kipya cha kutengeneza. Na hata lile la karatasi liangaliwe kwa makini, kwa sababu ambayo jibu linalofuata linaieleza.

Gharama za posta zikadiriwe vipi?

Posta hutoza kwa madaraja ya uzito, na daraja ndilo linaloamua, si gramu moja moja. Tengeneza kitabu cha mfano, yaani kitabu kitupu chenye idadi ileile ya kurasa na karatasi ileile, ambacho wachapaji wengi hukitoa kwa ombi. Kifunge kama utakavyokituma, kiweke kwenye mizani. Pale ambapo daraja la bei linaishia gramu 500, kitabu cha gramu 480 kilichofungwa kwa kadibodi ya gramu 40 kinavuka mpaka na kulipiwa bei ya daraja la juu, kwa kila mchangiaji. Karatasi ya gramu 130 kwa mita ya mraba badala ya ile ya gramu 150 inaweza kukirudisha chini bila msomaji kuona tofauti kubwa. Ndiyo maana karatasi nzito iliyoahidiwa kama lengo la nyongeza inaweza kugharimu zaidi posta kuliko kiwandani.

Katika akiba yetu ya vizio 360, ongezeko la kizio 1 kwa kila kifurushi linachukua 240 mara moja. Kwa wachangiaji wa nchi za nje weka bei ya posta tofauti kwa kila kanda, na uandike wazi kwamba ushuru wa forodha, ukitozwa, utalipwa na mpokeaji. Usipoweza kupata bei ya kanda fulani, toa faili tu kwa watu wa kanda hiyo.

Kampeni iendeshwe kwa siku ngapi?

Kickstarter inaruhusu hadi siku 60 na yenyewe inapendekeza 30 au chini ya hapo. Ninakubaliana na pendekezo hilo. Michango huja kwa wingi katika siku za kwanza na za mwisho, na katikati hupungua sana, hivyo kuongeza siku ni kuongeza katikati.

Wale 70 ulioandika katika orodha waombe wachangie siku mbili za kwanza, kwa sababu mgeni anayekuta mradi ukiwa umefika theluthi ana sababu ya kuamini kwamba wengine wameupima kabla yake. Siku za katikati zitumie kuonyesha kurasa mpya, sampuli ya karatasi, mchoro ukianzia penseli hadi rangi. Usizitumie kurudia ombi lilelile. Mwishoni wapo waliouweka mradi alama ya kukumbushwa, na Kickstarter huwatumia ujumbe saa 48 kabla ya kufunga. Siku hiyo ukurasa wako uwe na habari mpya ya kusoma.

Lengo likifikiwa, fedha zinapatikana lini?

Si siku hiyohiyo. Kickstarter hutuma fedha takriban siku 14 baada ya kampeni kumalizika. Baadhi ya kadi hukataa kutozwa, na wenye kadi hizo wasipozirekebisha ndani ya muda wanaopewa, michango yao huondolewa. Katika mfano wetu, wakikosekana watu 7 kati ya 240, unapoteza karibu vizio 115 vya fedha safi. Hizo nazo zitatoka katika akiba, kwa hiyo usimwahidi mchapaji malipo ya awali kwa tarehe iliyo karibu na siku ya kufunga.

Niwaandikie wachangiaji mara ngapi, na niandike nini?

Mara moja kwa mwezi, kwa tarehe inayojulikana, hata kama hakuna jambo kubwa. Mchangiaji anayejua kwamba taarifa huja tarehe 5 hataandika tarehe 20 kuuliza kama umetoroka. Ukimya ndio unaozaa shaka, na mtu mmoja mwenye shaka akiuliza hadharani bila kujibiwa, wengine kumi waliokuwa wametulia wanaanza kuuliza.

Taarifa nzuri ina mambo matatu: kazi ipo hatua gani, nini kimebadilika tangu taarifa iliyopita, na nini kitafuata kwa tarehe gani. Andika kwa vitu vinavyohesabika. "Michoro 31 kati ya 40 imekamilika, na mhariri amerudisha sura tano za kwanza" inamweleza msomaji zaidi kuliko "kazi inaendelea vizuri". Weka picha moja ya kitu halisi, kama ukurasa wa prufu, yaani chapa ya majaribio, wenye alama za masahihisho.

Ziko habari ambazo hazipaswi kusubiri tarehe ya kawaida: tarehe ya kutuma imebadilika, kitu kilichoahidiwa kimebadilika, au unahitaji anwani zao. Kuhusu anwani, usizikusanye mwanzoni kabisa, kwa kuwa watu huhama. Ziombe kitabu kikiwa kimeingia mashineni, weka tarehe ya mwisho, na uwakumbushe ambao hawajajibu mara mbili. Zihifadhi mahali penye ulinzi, uzitumie kwa kazi hiyo peke yake.

Taarifa zinazowahusu wote ziweke wazi kwa umma kadiri iwezekanavyo, ili mchangiaji mpya wa mradi wako ujao aweze kusoma jinsi ulivyowatendea wa kwanza.

Mradi ukichelewa?

Uwezekano wa kuchelewa ni mkubwa. Mtafiti Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2014, alikuta kwamba zaidi ya asilimia 75 ya miradi aliyoichunguza ilitoa bidhaa baada ya tarehe iliyoahidiwa. Kwa hiyo panga ratiba yako, kisha ongeza miezi kadhaa kabla ya kuitangaza tarehe.

Kuchelewa kwa kitabu huanzia mahali panapojulikana. Michoro ya mwisho haijaisha, prufu imerudishwa kwa sababu rangi imetoka na giza, au zamu ya mashine imempita mwenye kazi kwa kuwa faili lilifika na kasoro. Dalili ya mapema ni pale hatua moja inapopita tarehe yake kwa wiki mbili bila hatua inayofuata kuanza. Siku hiyo ndiyo ya kuandika, wala si siku ambayo kitabu kilitakiwa kuwa mikononi mwa watu. Ujumbe unaweza kuwa hivi:

"Ndugu wachangiaji, prufu ya kwanza imefika na rangi za michoro ya usiku zimetoka nyeusi kiasi kwamba sura hazionekani. Tumeirudisha kwa mchapaji pamoja na mafaili yaliyorekebishwa. Prufu ya pili itachukua wiki tatu, na kwa sababu hiyo vitabu vitaanza kutumwa mwishoni mwa mwezi wa nane badala ya mwezi wa saba. Fedha za kuchapa na za posta zipo kamili. Tutawaonyesha prufu mpya mara tu itakapofika."

Ujumbe huo unataja sababu, tarehe mpya na hali ya fedha. Jambo la tatu ndilo linalosahauliwa mara nyingi, ilhali ndilo la kwanza katika mawazo ya mchangiaji. Tarehe mpya nayo iwe ile unayoweza kuitimiza hata mambo yakienda polepole, maana kuahirisha mara moja kwa miezi miwili kunasameheka zaidi kuliko kuahirisha mara nne kwa wiki mbili.

Na ikiwa kitabu hakiwezi tena kukamilika?

Utafiti mwingine wa Mollick kuhusu Kickstarter, uliotolewa mwaka 2015, ulikadiria kwamba karibu asilimia 9 ya miradi iliyofadhiliwa haikutoa zawadi zilizoahidiwa. Masharti ya jukwaa hilo yanamtaka mwenye mradi aeleze kazi iliyofanyika na jinsi fedha zilivyotumika, na ajitolee kurudisha fedha zilizobaki kwa wachangiaji ambao hawakupata zawadi zao, au aeleze jinsi fedha hizo zitakavyotumika kukamilisha mradi kwa namna nyingine.

Ili uweze kufanya hivyo, tenga akaunti ya mradi tangu siku ya kwanza na weka risiti kwa utaratibu wa gharama zile ulizozitangaza: mchoraji, mhariri, mchapaji, posta. Fedha za posta usiziguse kwa matumizi mengine hata kwa siku moja. Kitabu kilichokwisha kuchapwa na kukosa fedha za stempu ni hali inayotokea, nayo inauma kwa sababu kazi yote imeshafanyika. Na pale uchapaji unaposhindikana kabisa, faili la kitabu kilichokamilika linaweza kutolewa kwa kila mchangiaji pamoja na sehemu ya fedha iliyobaki, baada ya kuwauliza.

Je, michango hiyo inatozwa kodi?

Katika nchi nyingi fedha zilizotolewa kwa kubadilishana na bidhaa huhesabiwa kuwa mapato, na gharama za mradi hupunguzwa humo. Muulize mhasibu kabla ya kampeni, hasa ikiwa mwaka wa kodi utaisha kati ya siku ya kupokea fedha na siku ya kumlipa mchapaji, kwa kuwa mapato yataonekana katika mwaka mmoja na gharama katika mwaka mwingine.

Nifanye nini na nakala zilizobaki, na wale wanaotaka kununua baada ya kampeni?

Tenga kwanza nakala 15 hadi 20 kwa ajili ya vifurushi vitakavyopotea au kufika vimekunjika, na uziweke kwa angalau miezi mitatu baada ya kifurushi cha mwisho kuondoka. Zinazobaki waweza kuziuza, lakini usianze kuziuza kwa wengine kabla wachangiaji hawajatumiwa zao. Bei ya dukani isishuke chini ya ile waliyotoa wachangiaji, ukiondoa posta, katika miezi ya mwanzo. Walilipa kabla ya kitabu kuwepo, nao wataiona bei hiyo.